Fungu la Kaka

Kaka yetu mkubwa aliacha kazi mwaka 1982 na hakuajiriwa tena mpaka anakufa. Mimi nasema aliacha. Yeye siku zote alisema alipunguzwa, na kwa kweli kila mmoja wetu alikuwa ameshika upande mmoja wa habari hiyohiyo. Alikuwa karani katika shamba la mkonge upande wa Muheza. Katikati ya miaka ya sitini nchi yetu ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka. Miaka ishirini baadaye hazikufika hata 50,000. Kamba za plastiki zilikuwa zimeenea duniani, mitambo ilikuwa imechakaa, na mashamba yakawa yanamezwa na magugu. Ofisi ya makarani watano ikabaki na wawili. Kaka hakufukuzwa. Aliambiwa ahamie kwenye korona, mtambo wa kuchakata majani ya mkonge, mpaka hali itengemae. Akafunga sanduku lake, akapanda basi, akarudi Tanga mjini, nyumbani kwa wazazi, mtaa wa Ngamiani.

"Mimi ndiye niliyekuwa nikiwaandikia vipande," alimwambia baba. "Leo nikasimame nao kwenye maji machafu, waniite nani?"

Baba alikuwa mstaafu wa reli. Alimtazama tu, akasema apumzike mwezi mmoja.

Mwezi huo ulichukua miaka ishirini na minne. Nimezeeka sasa, ualimu niliuacha zamani, na wajukuu wa ndugu zangu wananiuliza ilikuwaje tukaishi na mtu wa namna ile bila kumfukuza wala kumchukia. Swali lenyewe si sawasawa, maana mmoja wetu alimchukia. Lakini nitaeleza tulivyofanya, kwa kuwa mipango mingine tuliipanga kwa makusudi na mingine ilitujia kwa bahati.

Kwanza muelewe pesa zilivyokuwa zikitoka. Mtu asiyefanya kazi hali sana. Sahani moja ya wali haijaiangusha nyumba yoyote ya Ngamiani. Pesa zilitoka kwa njia ambazo hatukuziona. Mtaani kwetu kulikuwa na muuza duka aliyekuwa na daftari la madeni, lile la shule lenye jedwali za kuzidisha nyuma yake. Siku moja ya mwaka 1984 nilikwenda kulipa deni la mama, nikitegemea kukuta sukari na mafuta ya taa. Muuza duka aligeuza daftari upande wangu. Chini ya jina la mama kulikuwa na sigara, nyembe, sigara, soda mbili, sabuni ya kuogea, sigara, na mkopo wa fedha taslimu uliopigiwa mstari. Kila mstari ulikuwa na mwandiko wa Kaka, mwandiko mzuri wa kikarani, herufi zimelala upande mmoja kama zimepigwa pasi. Alikuwa akiingia nyuma ya meza na kujiandikia mwenyewe, kumsaidia muuza duka kazi.

Mama alikuwa anajua. Alikuwa akikaanga vitumbua alfajiri na kulipa deni lile kidogokidogo, na kwa baba akasema biashara imelala. Fedha yake ya upatu ilipofika zamu, Kaka ndiye aliyetumwa kuichukua kwa kijumbe, na nyumbani ikafika nusu. Redio ya baba ilikwenda kwa fundi ikapotea hukohuko. Kwa jirani alikopa kwa jina langu: "Mwalimu atakulipa mwisho wa mwezi." Nami nililipa, maana mwalimu mwenye deni mtaani hana uso wa kusimama mbele ya watoto wa watu.

Mtasema huyo alikuwa mgonjwa. Nasi tulijiuliza hivyo, na namshukuru mama kwamba alitaka jambo hilo litazamwe kabla ya mengine. Kuna waliosema apelekwe Lutindi, kule milimani Korogwe kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili. Baba alimpeleka kwanza kwa daktari hapa mjini. Kifua kizima, damu nzima, usingizi anao. Daktari alimuuliza maswali mengi, naye akayajibu kwa ufasaha kuliko baba. Na sisi wenyewe tulikuwa tukimwona: mtu anayeamka akaoga, akapiga pasi shati, akacheza bao barazani mpaka adhuhuri na kuwafunga wenzake, akacheka, akala. Aliyezama kwenye huzuni hata bao humchosha. Kaka alichoka pale tu kazi ilipotajwa, tena si kazi yoyote. Ukimwambia bandarini wanatafuta watu wa kupakua matishari, kichwa kinamuuma. Ukimwambia kuna nafasi ya ukarani huko Pangani, anaandika barua ya maombi siku hiyohiyo, barua safi sana, halafu anakaa kungoja jibu. Kungoja ndiyo ikawa kazi yake.

Baba mdogo wetu alikuwa na dawa yake. Mwaka 1983 ilitungwa ile sheria tuliyoiita ya Nguvu Kazi: kila mwenye uwezo aonyeshe anafanya kazi gani, na asiye na kazi mjini arudishwe kijijini au apelekwe mashambani. Dar es Salaam watu walikamatwa mitaani. Huku kwetu habari zilipofika, baba mdogo alikuja jioni moja akakaa ukumbini na kusema jambo ni rahisi, tumwambie balozi wa nyumba kumi aandike jina. Serikali itafanya yanayotushinda.

Mama alikuwa akichekecha unga uani. Aliingia na chekecheo mkononi. "Shemeji," alisema, "ukimwandika yeye, niandike na mimi. Nami sina kazi ya kuajiriwa." Baba mdogo akacheka, akidhani ni mzaha. Mama hakucheka, na jambo hilo halikutajwa tena chini ya dari ile. Wakati ule nilimwona mama anaharibu nafasi. Baadaye nilikutana na vijana waliorudi kutoka huko walikopelekwa. Waliondoka bila kazi, wakarudi bila kazi na bila kusemezana na baba zao.

Baba alifariki mwaka 1985. Aliacha nyumba moja ya Kiswahili huko Ngamiani: vyumba vitatu kila upande, ukumbi katikati, uani jiko na choo, na fremu ya duka iliyotobolewa kwenye chumba cha pembeni. Aliacha mjane mmoja na watoto wanne: Kaka, mimi, dada anayenifuata, na mdogo wetu wa kiume aliyekuwa anafanya kazi Dar es Salaam. Hapo ndipo mambo yalipobadilika, maana mpaka siku ile Kaka alikuwa anaomba. Kuanzia siku ile alikuwa anadai.

Tulikwenda kwa Maalim aliyetusomesha chuoni. Mdogo wetu wa kiume ndiye aliyezungumza, na alizungumza kwa ukali: mtu huyu amekula fungu lake baba akiwa hai, je, tuna lazima ya kumpa tena? Maalim alimwacha amalize. Kisha akasema hapo pana mambo matatu yamefungwa kwenye kitambaa kimoja, tuyafungue.

La kwanza ni mirathi. Fungu la mrithi halipungui kwa uvivu wake. Mama ana thumni, yaani sehemu moja ya nane, na inayobaki inagawanywa kwa watoto, mwanamume mafungu mawili, mwanamke moja. La pili ni kulisha. Katika madhehebu yetu ya Shafi, anayelazimika kulishwa na mtu ni wazazi wake kwenda juu na watoto wake kwenda chini, ndugu hayumo. Ukimpa, umefanya wema. Usipompa, hakuna kadhi wa kukushika. Hata zaka, alisema, ndugu fukara anaweza kupewa, ila mwenye nguvu na uwezo wa kuchuma hana haki nayo. Akatukumbusha habari ya yule anayechukua kamba yake akaenda kutafuta kuni auze, kwamba ni bora kuliko kuomba watu. Mdogo wangu akatabasamu, akaona kashinda.

"La tatu," Maalim akasema, "ni kuunga udugu. Hilo ni lazima, wala halikufungwa na pesa. Unaweza usimpe hata senti na ukawa umeunga. Unaweza ukamlisha kila siku na ukawa umekata."

Tulitoka pale kila mmoja na lake. Mdogo wangu alishika la pili. Mimi niliyashika yote matatu, na sikujua nifanye nayo nini, mpaka tulipokaa kikao cha ukoo. Kikao kile kilihitajika kwa sababu kwa kawaida Mahakama ya Mwanzo, kabla ya kumteua msimamizi wa mirathi, ilitaka kuona muhtasari wa kikao, nani kahudhuria, nani kapendekezwa. Tulimpendekeza mdogo wetu. Tangazo likabandikwa, hakuna aliyepinga, akateuliwa. Kaka alitaka nyumba iuzwe kila mtu achukue chake. Mama akasema hatoki. Ndipo dada yangu, ambaye kwa kawaida hasemi, aliuliza kwa nini tusigawane kodi badala ya kugawana mawe.

Hesabu niliifanya mimi, ubaoni, shuleni, watoto walipokwisha ondoka. Thumni ukitaka igawanyike vizuri na mafungu sita ya watoto, unagawa kitu chote sehemu 48. Mama 6. Zinabaki 42. Kaka 14, mdogo wetu 14, mimi 7, dada 7. Mwaka 1987 vyumba viwili vya mbele na fremu vilikuwa vikiacha shilingi 960 za kugawa kwa mwezi, kwa hiyo kila sehemu ilikuwa shilingi 20. Mama 120, wanaume 280 kila mmoja, sisi wanawake 140 kila mmoja. Kodi ya kiwanja na matengenezo yalikuwa yametolewa kwanza, kabla ya kugawa, kwa risiti.

Kaka akapata shilingi 280 kila mwezi. Hazikumtosha kuishi, lakini zilikuwa zake.

Nataka kukaa hapa kidogo, kwa sababu ndipo penye uzito wa habari hii. Kabla ya hapo kila sigara aliyovuta Kaka ilikuwa kesi. Kapata wapi? Nani kampa? Kwa nini umpe yeye na mimi sina viatu? Tulikuwa tukiamua upya kila asubuhi kama tumpe au tusimpe, na ukimnyima unaumia, ukimpa unakasirika. Moyo wangu ulikuwa unaanza kuota sugu, nami nilikuwa naisikia. Nilipomwona anapita uani nilikuwa nageuza uso nisije nikaombwa. Salamu yangu ya "shikamoo kaka" ilikuwa imekuwa fupi. Baada ya ule mgawanyo, lililo haki yake alipewa tarehe moja, lote, bila hotuba, na akisaini daftari. Hata akizimaliza siku ya tatu, hilo ni lake. Na lisilo haki yake lilikuwa limekwisha kuamuliwa mapema: sahani yake ipo mchana na usiku kama ya mtu mwingine yeyote ndani ya nyumba; Idi anashonewa kanzu; akiugua, tunakwenda naye hospitali na tunalipa wenyewe dirishani. Fedha mkononi, hapana. Deni lake kwa watu, hapana.

Nilikwenda kwa muuza duka mimi na mama. Tulilipa la nyuma lote, tukamwomba aandike juu ya ukurasa mpya kwamba jina la mama ni la mama peke yake, na anayemkopesha Kaka amkopeshe kwa jina la Kaka. Muuza duka alikuwa radhi. Kwa majirani ilikuwa kazi ngumu zaidi, kwa sababu kusema "msimkopeshe ndugu yangu" ni kumvua nguo. Nilisema hivi: "Mkimkopesha, mkopesheni kwa kuwa mnamwamini yeye, msinitazame mimi." Wengine waliendelea kumkopesha. Alikuwa mtu mtamu wa mazungumzo.

Na siku ya kugawa kodi ndiyo ilikuwa siku pekee ya kumzungumzisha habari za kazi. Hilo nililiomba mimi, na dada akaniunga mkono. Siku nyingine zote marufuku kumtajia kazi akiwa kwenye sahani. Ukimhesabia mtu tonge, hata akishiba anaondoka na njaa, nawe unabaki na hesabu. Kwa hiyo tarehe moja tulimuuliza: mwezi huu umetafuta nini? Alijibu, au alinyamaza, akasaini, akaondoka. Kuanzia tarehe mbili alikuwa kaka.

Mama alikuwa ndiye ufa. Sisi tumeziba mlango wa mbele, yeye anapitisha sarafu dirishani. Mdogo wetu alikuja kutoka Dar es Salaam akakuta mama amempa Kaka fedha za vitumbua vya siku tatu, akapandisha sauti mpaka wapangaji wakatoka vyumbani. Alitaka mama akatazwe. Nilimwambia hatuwezi: thumni yake ni mali yake, na vitumbua ni jasho lake, akitaka kumpa mwanawe ni juu yake. Tulichoweza kuomba ni kwamba asikope na asiuze kitu kwa ajili yake. Akakubali, na kwa sehemu kubwa alishika. Fedha ya upatu tulipanga na kijumbe: zamu ya mama ikifika, kijumbe anapeleka moja kwa moja kwa muuza unga na muuza mkaa, mama anapewa risiti na chenji. Kaka aliudhika kwa kupokonywa kazi ya utarishi. Mama alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo, kwa sababu sasa angeweza kusema "sina" na ikawa kweli.

Mwaka 1988 alitujaribu kwelikweli. Jumamosi moja alikuja mtu na dalali, wakasimama mbele ya nyumba wakipima upana kwa hatua. Mpangaji wa fremu akanitumia mtoto. Nilipofika, yule mtu alinionyesha karatasi: Kaka amepokea arbuni ya shilingi 6,000 kwa fungu lake la nyumba, imeandikwa kwa mwandiko ule ule uliolala upande mmoja. Hela hazikuwapo tena.

Mdogo wetu alitaka polisi. Baba mdogo, mzee sasa, alitaka tuchange tulipe aibu ipite. Njia zote mbili tulikuwa tumezijua zinakoishia. Tukimpeleka polisi, mama atapika chakula cha mahabusu. Tukilipa, mwakani atauza kisima. Tulimwita mnunuzi, tukamweleza kwa upole kwamba aliyeteuliwa na mahakama kusimamia mirathi ni mwingine, na kwamba fungu lisilokatwa huwezi kulishika mkono ukaondoka nalo. Alilijua hilo, nadhani. Alitumaini tu tutaogopa. Tukamwita Kaka akae palepale. Msimamizi akaandika: kila mwezi shilingi 200 zitatoka kwenye zile 280 za Kaka na kwenda kwa mnunuzi, mpaka ziishe 6,000. Miezi thelathini. Kaka atabakiwa na 80. Kaka asaini.

Alinitazama mimi, si msimamizi. "Mwalimu," alisema, "na wewe?"

"Shilingi zako, kaka," nilimwambia. "Sahani ipo."

Akasaini. Mnunuzi aliingia hasara, kwa kuwa miaka ile bei zilikuwa zikipanda kila unapogeuka, na shilingi 200 za mwezi wa mwisho hazikuwa zile za mwezi wa kwanza. Lakini alilipwa zote, na kwa miaka miwili na nusu mtaa mzima uliona Kaka analipa deni. Sidhani kama yeye mwenyewe alikuwa amewahi kujiona hivyo. Sigara akawa anavuta nusu, nyingine anaiweka sikioni.

Mdogo wetu hakumsamehe. Aliendelea kutuma hesabu na fungu kwa wakati, hakumdhulumu hata senti, na akija Tanga alimpa shikamoo kwa sababu ni mkubwa wake. Zaidi ya hapo hakuna neno. Alikuwa na watoto wa kusomesha na alikuwa anaona kila senti aliyokula Kaka ni daftari la mwanawe. Sikuwa na jibu la kumpa, na bado sina. Mpango wetu ulizuia uvujaji. Hasira ya mtu aliyefanya kazi maisha yake yote haikuzibika kwa hesabu.

Watu huniuliza kama mwishowe Kaka alibadilika. Alibadilika kidogo, na si kwa sababu yetu. Mapema miaka ya tisini viwanda na mashirika ya umma yalianza kupunguza watu kwa mamia hapa Tanga. Waliopunguzwa walihitaji kudai mafao na akiba zao kwenye Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi, uliokuja kuitwa NSSF mwaka 1997. Fomu zile zilitaka tarehe ya kuanza kazi, namba ya uanachama, saini ya mwajiri, na barua nzuri ya kuambatanisha ikiwa mwajiri amepoteza kumbukumbu. Nani barazani aliyejua mambo hayo? Mtu wa bao. Wazee waliobeba katani na mbolea walianza kuja na mabahasha yaliyochanika, naye akawauliza maswali ya kikarani, tena kwa heshima, akaandika. Kama alikuwa anawaelewa kuliko makarani wa ofisini, haishangazi. Naye alikuwa amepunguzwa.

Hakuweka bei. Mmoja alimletea sukari, mwingine sigara, mwingine hakuleta kitu. Kuna wiki alifanya kila siku, na kuna mwezi alilala. Mdogo wetu aliposikia akaandika barua: kama sasa anachuma, basi achangie bati la paa. Tarehe moja nikamuuliza. Alisema akipata. Hakupata. Dada akaniambia tuache, nikaacha. Paa tulilitoa kwenye kodi kabla ya kugawa, kama kawaida, kwa hiyo kwa namna fulani alichangia bila kujua. Nadhani alijua.

Mama alifariki mwaka 1998. Sehemu zake 6 zikaja kwetu: wanaume mbilimbili, wanawake mojamoja. Kaka akawa na 16 kati ya 48, theluthi kamili, na siku ya kwanza ya hesabu mpya alisema, bila kumtazama mtu, kwamba sasa mama anampa mbele ya watu wote. Hakuna aliyemjibu.

Alikufa mwaka 2006 kwa ugonjwa wa kifua. Mkewe alikwisha ondoka siku nyingi, kabla hawajapata mtoto, kwa hiyo wenye msiba tulikuwa sisi. Kabla ya kuswaliwa, kama ilivyo ada, mtu wa familia husimama na kutangaza: anayemdai marehemu ajitokeze. Miaka yote ile sheria yetu ya nyumbani ilikuwa kwamba deni la Kaka si letu. Mauti yaliigeuza sheria hiyo, maana deni la maiti hutangulia mirathi, na warithi wake ndio sisi. Nilikuwa kwa wanawake, sikumwona aliyesimama, nikasikia sauti tu. Ilikuwa ya mdogo wetu.

Walijitokeza watatu. Fundi cherehani alidai ya suruali moja. Mtoto wa yule muuza duka wa zamani alikuja na daftari, ukurasa wenye jina la Kaka mwenyewe, juu mpaka chini. Hayo yalilipwa kutoka kwenye kodi yake ya mwezi ule, na yalipozidi mdogo wetu akatoa mfukoni. Wa tatu alikuwa muuza kahawa, mzee, na hakuwa na daftari.

"Vikombe vingapi?" mdogo wangu aliuliza, msimamizi mpaka siku ile.

"Sikuandika. Nilikuwa nahesabu kichwani, halafu nikaacha kuhesabu."

Mdogo wangu alitoa noti mbili, akaongeza ya tatu, mzee akarudisha moja. Kisha mdogo wangu akauliza kama marehemu naye alikuwa akimdai mtu hapo barazani.

"Wengi," mzee alisema. "Zile barua, nusu yao hawakumlipa."

Mdogo wangu akatoa kalamu akaanza kuuliza majina. Nilimwambia aiweke, akaenda kuwanawisha watu. Chakula kilikuwa kimeshapakuliwa.